Tangazo la Dereva wa Basi la Shule Lina Mapengo

Mmh! Jamani, hebu sogeeni hapa kwenye nguzo mlisome hili. Limebandikwa tangu asubuhi, na vijana watatu wameshapiga picha ili waombe kazi. Nalisoma kama lilivyo, jina la shule na namba ya simu naviacha:

"NAFASI YA KAZI. Anahitajika dereva wa basi la shule, Kosta ya viti 26. Awe mwanaume, umri miaka 25 hadi 35. Awe na leseni daraja D na uzoefu wa kutosha. Awe tayari kufanya kazi muda wowote atakapohitajika. Majaribio ni miezi mitatu, mshahara utajadiliwa baada ya majaribio. Aje na leseni yake halisi aikabidhi ofisini. Piga simu haraka."

Kijiwe kizima kilisonya. Mzee wetu mmoja, aliyeendesha mabasi ya mikoani mpaka akastaafu, aliweka kikombe cha kahawa chini akasema, "Wanangu, hapa wanatafutwa watoto wa watu wapakiwe. Someni tena, polepole."

Tukasoma tena. Mambo manne yamepinda, na kila moja linamgusa mtoto atakayekaa kwenye kile kiti kabla halijamgusa dereva.

Tuanze na leseni, maana hapo ndipo wengi wanateleza. Daraja D linakuruhusu kuendesha magari ya kawaida, lakini pikipiki, magari mazito na magari ya abiria hayamo. Kosta ya viti 26 ni gari la abiria. Magari ya abiria yako kwenye familia ya C, na hiyo familia imegawanywa kwa idadi ya watu. C3 ni ya gari lisilozidi abiria wanne. C2 ni ya kuanzia abiria wanne hadi 15. C1 ni ya kuanzia 15 hadi 30. C yenyewe ni ya kuanzia abiria 30 kwenda juu, yale mabasi makubwa ya mikoani. Kwa hiyo Kosta hii inataka C1. Aliyeandika D ama hajui, ama ameandika daraja ambalo watu wengi wanalo ili apate waombaji wengi.

Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Sasa mzee, si naenda tu kuongeza daraja wiki ijayo?"

"Haiendi hivyo, mwanangu," akajibiwa. "C1 anaipata mtu aliyekaa na D kwa muda usiopungua miaka mitatu. Miaka hiyo mitatu ni shule yenyewe. Ndani yake umeshakutana na mvua ya masika, umeshapasukiwa tairi, umeshajifunza kusubiri."

Juu ya daraja kuna mafunzo. Dereva wa abiria anatakiwa awe amepita kozi ya udereva wa magari ya abiria, ile inayofundishwa na vyuo vinavyotambulika kama NIT pale Mabibo, na awe na cheti mkononi. LATRA nayo inawapima na kuwathibitisha madereva wa vyombo vya biashara. Tangazo linalotafuta mtu wa kubeba wanafunzi linapaswa kuvitaja vyote viwili kwa majina. Neno "uzoefu wa kutosha" halipimiki. Nani atasema unatosha? Andika: awe ameendesha gari la abiria la kuanzia viti 15 kwa miaka miwili au zaidi, na ataje waajiri wawili wanaoweza kuthibitisha. Hapo mwombaji anajijua mapema kama anafaa, na ofisi inapata cha kuuliza.

Jingine la leseni ni tarehe. Leseni yetu inadumu miaka mitano, na ada ya kuihuisha ni shilingi 70,000. Mwajiri makini anaangalia mambo matatu kwenye kadi: daraja, tarehe ya mwisho, na kama jina linafanana na lile la kitambulisho cha taifa. Kazi ya dakika mbili tu. Siku gari likipata ajali, askari ataitaka leseni ya dereva mwanzoni kabisa, na kampuni ya bima itaitaka pia. Dereva akikutwa na D kwenye Kosta ya wanafunzi, mzazi aliyeumiziwa mtoto atajikuta kwenye mabishano ya karatasi wakati yuko hospitali.

Hatujasahau Karatu. Tarehe 6 Mei 2017, kule Rhotia, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni wakati likiwapeleka wanafunzi kwenye mtihani wa ujirani mwema. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Nchi nzima ililia. Sitaki kusema hapa nani alikosea nini. Nasema tu kwamba mtu anayeandika tangazo la dereva wa shule anachagua mtu wa kukaa mbele ya watoto kiasi hicho, na uchaguzi huo unaanzia kwenye maneno ya karatasi hii.

Kabla hatujatoka kwenye sifa, ile "awe mwanaume, miaka 25 hadi 35." Dada anayetuuzia maandazi alisoma mstari huo akanyamaza, kisha akasema, "Kaka zangu, mdogo wangu ana C1, na anaendesha vizuri kuliko wengi mnaowajua." Kweli kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, na jinsia na umri vimetajwa kwa majina. Katazo hilo linaanzia kwenye kuajiri. Usukani wa Kosta hauulizi jinsia. Tena huo umri wa mwisho wa miaka 35 unawafungia nje madereva wa miaka 45 ambao wameshapoa, hawashindani tena na mtu barabarani. Shule ikitaka mtu mwenye afya na macho mazuri, iandike hivyo: aje na cheti cha daktari cha uchunguzi wa macho na afya.

Sasa tuje kwenye saa. Hapa ndipo nataka tukae, maana ndipo pachungu. "Awe tayari kufanya kazi muda wowote atakapohitajika." Tc! Hakuna binadamu wa hivyo, na dereva wa watoto hafai kabisa kuwa hivyo.

Tulichukua karatasi iliyofungiwa kashata tukapiga hesabu ya siku moja ya dereva wa shule hapa Dar es Salaam. Basi linatakiwa liondoke saa 11 alfajiri kumchukua mtoto wa kwanza. Kabla ya hapo dereva anakagua tairi, maji, oili, breki, taa na mikanda, kwa hiyo anaanza kazi saa 10:30. Saa 1:30 asubuhi anashusha watoto shuleni. Hizo ni saa tatu. Mchana anaanza tena saa 8:30, anazungusha watoto kwenye foleni mpaka wa mwisho anashuka, anarudisha gari, anafagia, anaandika daftari la safari, anatoka saa 12:30 jioni. Hizo ni saa nne. Jumla ni saba kwa siku, 35 kwa siku tano. Hata ukiongeza Jumamosi ya saa nne unapata 39.

Sheria inasema saa za kawaida ni tisa kwa siku, 45 kwa wiki, na siku za kazi zisizidi sita. Kwa hiyo ukiangalia juu juu, dereva wa shule hana tatizo lolote. Mwenye shule naye atakwambia hivyo: "Huyu anafanya saa saba tu, mnalalamika nini?"

Lakini mzee wetu akauliza swali moja: "Huyo mtu analala saa ngapi?"

Ehe. Kutoka saa 12:30 jioni mpaka saa 10:30 alfajiri ni saa kumi. Sheria ile ile inamtaka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kwa hiyo ratiba ya kawaida kabisa ya basi la shule tayari imepungukiwa saa mbili. Je, ni kosa? Si lazima. Sheria imeacha mlango: mapumziko hayo yanaweza kushuka mpaka saa nane, ikiwa kuna makubaliano ya maandishi na katikati ya siku ya kazi kuna pengo la saa tatu au zaidi. Dereva wetu ana pengo la saa saba, kuanzia 1:30 asubuhi mpaka 8:30 mchana. Likiandikwa na kusainiwa, ratiba inasimama.

Sasa angalieni maneno "muda wowote" yanafanya nini kwenye pengo hilo. Saa mbili asubuhi mhasibu anataka apelekwe benki. Saa nne jikoni hawana mchele, dereva aende sokoni. Saa sita mkurugenzi ana mgeni uwanja wa ndege. Dereva anakula haraka, anarudi kupanga watoto. Pengo limeliwa lote. Huyu sasa yuko kazini tangu saa 10:30 alfajiri mpaka saa 12:30 jioni, saa 14. Toa saa moja ya chakula, zinabaki 13. Kikomo cha sheria kwa siku, pamoja na saa za ziada, ni 12. Kwa wiki ya siku tano anafikisha 65, yaani 20 juu ya zile 45. Kwa wiki nne hizo ni saa 80 za ziada, wakati sheria inaruhusu 50 tu, na kila moja inatakiwa ilipwe mara moja na nusu. Tena kwa kuwa pengo halipo, ule mlango wa kupunguza mapumziko umefungwa, na anadaiwa zile saa 12 zake kamili.

Hebu ongeza safari ya nyumbani. Anatoka saa 12:30 jioni, anapanda daladala, anafika kwake saa mbili kasoro. Anaoga, anakula, anawaona wanawe, analala saa nne. Ili awe shuleni saa 10:30 alfajiri lazima aamke saa tisa na nusu usiku, na muda huo daladala ni za kubahatisha, bodaboda analipa mwenyewe. Amelala saa tano na nusu. Ukimfanyia hivyo Jumatatu, atastahimili. Ikifika Alhamisi mchana, jua kali, foleni imesimama, watoto 26 nyuma, usingizi unamjia macho yakiwa wazi. Ishara zake zinaonekana kwa anayejua kuangalia: anafunga breki kwa kuchelewa, gari linapepesuka kidogo kuelekea ukingoni, anapitiliza kituo cha mtoto anayemshusha kila siku, anajibu kwa ukali neno dogo. Mhudumu wa basi akiona hayo ampigie simu msimamizi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tangazo liandike saa. Liseme zamu ya asubuhi inaanza na kuisha lini, ya mchana vilevile, na katikati dereva yuko huru, apewe mahali pa kulala pale shuleni. Liseme basi linalala wapi usiku, shuleni au karibu na kwa dereva, maana jambo hilo peke yake linaweza kumwongezea saa nzima ya usingizi. Na safari za ofisi zipate dereva mwingine. Lingine dogo lenye haki ndani yake: kazi kati ya saa mbili usiku na saa 12 asubuhi ni kazi ya usiku kisheria, na kila saa yake ina nyongeza ya asilimia tano ya mshahara. Dereva wetu ana saa moja na nusu ya namna hiyo kila alfajiri. Si fedha nyingi, lakini ni yake.

Tuje kwenye majaribio. Kijana mmoja alisema, "Miezi mitatu bila mshahara, ukiisha wanakwambia hukufaulu, wanamwita mwingine." Wote tunajua watu waliofanyiwa hivyo. Hapo sheria haijakaa kimya. Majaribio yanaruhusiwa, na miongozo ya ajira ya mwaka 2007 inataka yawe ya muda unaolingana na kazi, yasizidi miezi 12. Miezi mitatu kwa dereva ni muda wa haki. Lakini aliye kwenye majaribio ni mfanyakazi, na anayefanya kazi analipwa. Mshahara hauwezi "kujadiliwa baada." Unatajwa kabla hajagusa usukani, na unaandikwa kwenye karatasi pamoja na kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza na saa.

Majaribio nayo yawe ya kupima kitu kinachojulikana. Wiki ya kwanza dereva mpya akae pembeni ya anayeijua njia, bila watoto kisha na watoto, ajue vituo, majina na mitaa inayojaa maji. Baada ya hapo msimamizi apande naye basi bila kumtangulizia taarifa, aangalie: anakagua gari kabla ya kuwasha? Anasubiri mtoto akae ndipo aondoe gari? Anahesabu watoto wanaposhuka na kutembea mpaka viti vya nyuma kuhakikisha hakuna aliyelala? Anatumia simu akiwa kwenye usukani? Kila mwisho wa mwezi wakae wawili, waambizane, waandike. Ikionekana hafai, aambiwe kasoro, apewe nafasi ya kujieleza na muda wa kujirekebisha. Na ikibidi kuachana, kuna taarifa: siku saba ikiwa ni ndani ya mwezi wa kwanza, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Kumwambia mtu "kesho usije" si utaratibu.

Mwisho ni namna ya kuomba. "Aje na leseni yake halisi aikabidhi ofisini." Mzee wetu hapo alitikisa kichwa. "Mwanangu, leseni yako ikilala kwenye droo ya mtu, wewe umefungwa. Barabarani askari akiitaka utamwonyesha nini? Na ukitaka kuacha kazi, utaanza kuibembeleza." Halisi inaonyeshwa siku ya usaili, inalinganishwa na nakala, inarudi mfukoni pale pale. Kinachopelekwa ofisini ni nakala.

Na tangazo lenye namba ya simu tupu, bila jina la mtu, bila mahali shule ilipo, bila siku ya mwisho, lipige chenga mpaka ujiridhishe. Nenda kwa miguu ukaione shule. Ukipiga simu ukaambiwa utume kwanza fedha ya fomu, ya sare au ya mafunzo, kata simu. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe.

Basi tukakaa kijiweni tukaliandika upya. Lilitoka hivi, na shule yoyote inaweza kulichukua:

"Nafasi ya kazi: dereva wa basi la shule, Kosta ya viti 26. Mwombaji, mwanamke au mwanaume, awe na leseni hai daraja C1, cheti cha mafunzo ya udereva wa magari ya abiria, na uthibitisho wa LATRA. Awe ameendesha gari la abiria la viti 15 au zaidi kwa miaka miwili. Saa za kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 10:30 alfajiri hadi 1:30 asubuhi, na saa 8:30 mchana hadi 12:30 jioni. Katikati ni mapumziko, chumba kipo. Basi linalala shuleni. Majaribio ni miezi mitatu yenye mshahara kamili, na tathmini ya maandishi kila mwezi. Mshahara wa kuanzia umetajwa hapa chini, pamoja na nyongeza ya saa za usiku na michango ya NSSF. Tuma barua ya maombi, nakala ya leseni pande zote mbili, nakala za vyeti na kitambulisho cha taifa, na majina ya wadhamini wawili, kwa Mkuu wa Utawala, kabla ya saa tisa alasiri ya siku iliyotajwa. Watakaoitwa watafanya jaribio la barabarani. Hakuna malipo yoyote ya kuomba."

Halizidi ukurasa mmoja. Halijaongeza gharama kwa shule zaidi ya ile ambayo sheria tayari inaidai, na waombaji watakaokuja watakuwa wachache lakini wanaofaa.

Nyie wenye shule, bandueni tangazo la D leo, msisubiri muhula uanze. Nyie madereva, lile tangazo mlilolijibu lipigeni picha mkae nalo, maana siku ya kubishana juu ya saa na mshahara litakuwa ushahidi wenu. Na wewe mzazi, kesho asubuhi basi likisimama mlangoni, msalimie dereva, halafu nenda shuleni ukaulize kwa adabu ana daraja gani na amelala saa ngapi. Una haki ya kujibiwa.